UZI: Seti ya Mkurugenzi wa chipsi. Niambieni inalegea wapi

KalamuYa58

Wadau wa Nakuru na majirani, kuna mhusika ninayemtayarisha kwa usiku wa maiki hapa taoni. Jina lake Mkurugenzi. Mzee wa makamo, suti moja ya kahawia, tai fupi, daftari la madeni kwapani. Alikuwa karani, akapunguzwa kazi, pesa aliyopewa akafungulia kibanda cha chipsi Section 58 karibu na steji. Kibanda kikafa. Ni mtu wa kubuni. Mimi mwenyewe sijawahi kuuza hata njugu, kwa hiyo msianze kunipa pole.

Nimemjaribu mbele ya watu. Mwanzoni walicheka, kwenye hesabu wakatulia, kwenye mguu wakapasuka, halafu mwisho wakanipigia yale makofi ya heshima ya matanga. Nataka dakika 5. Naiweka kama nilivyoisema.

*Hamjambo wenye viti. Mimi ni Mkurugenzi. Msiulize wa nini. Mkurugenzi haulizwi wa nini, huulizwa atalipa lini.*

*Nilifungua kibanda cha chipsi. Lakini kabla ya kufungua niliandika mpango wa biashara, kurasa 12! Nikampa mama watoto asome. Akasoma wote, akaufunga, akaniuliza: "Maganda yako ukurasa gani?" Nikamwambia mama, hii ni biashara, si jikoni.*

*Hesabu ilikuwa hivi. Gunia la waru ni kilo 50, shilingi 1,500. Kilo moja ni shilingi 30. Sahani ni gramu 300, kwa hivyo waru ya sahani moja ni shilingi 9. Gawanya kilo 50 kwa gramu 300, unapata sahani 166. Sahani ni shilingi 100. Hiyo ni 16,600! Toa 1,500, inabaki 15,100! Nikafunika kalamu, nikalala, nikaota nimenunua ploti Naka na jirani ananiomba maji.*

*Asubuhi nikamenya. Gunia likapungua. Nikajua kuna mwizi. Nikamfuta kazi mfanyakazi. Nikakumbuka sina mfanyakazi, nikajiandika upya.*

*Nikakaanga. Likapungua tena! Nikahesabu sahani: 60. Nikarudi nyumbani pole pole, nikauchukua ule mpango, nikaanza kutafuta ukurasa wa maganda.*

*Mwezi ule waru ikashuka bei. Mtu wa kawaida hununua gunia 1. Mkurugenzi akanunua 10. Kibandani hazitoshi, nikazipanga chumbani. Mama akauliza, sasa tutalala wapi? Nikamwambia mwekezaji halali. Wiki ya tatu, usiku, giza, nikasikia kitu kinanigusa mguu. Taratibu. Kinapanda. Nikasema moyoni, leo mama amenikumbuka. Nikageuka, nikanong'ona, "Umelala?" Mama akanijibu kutoka jikoni, alikuwa anapika uji wa asubuhi kwa sababu watoto wanaenda shule mapema.*

*Na wateja! Kuna kijana wa boda alikuwa anakula, anapangusa mdomo, anasema "Andika." Nikaandika. Kesho, "Andika." Nikaandika mpaka daftari likajaa. Nikaenda dukani kununua lingine. Mwenye duka akasema ni 80. Nikamwambia, "Andika."*

*Mtaji ulipoisha nikakopa kwa chama cha mama watoto. Siku ya kulipa wakaja akina mama 7. Wakabeba friji. Wakabeba televisheni. Wakabeba kochi. Watoto wakakaa sakafuni wakitazama ukuta pale televisheni ilipokuwa. Nikaingia chooni nikalia.*

*Lakini sikukata tamaa. Ndugu zangu, ukianguka, inuka, kwa maana kuanguka si mwisho wa safari. Asanteni!*

---

KukuNaMayai_Lurambi

Pole sana ndugu. Hata mimi nilipoteza vifaranga vyote msimu wa mvua, nilidhani ni baridi kumbe ni Newcastle, sikuwa nimechanja. Usikope tena kwa chama. Na hizo gunia zilizobaki unauza bei gani?

KalamuYa58

Kaka, ni mhusika. Hakuna gunia.

Injinia_Lanet

Mimi nimecheka, lakini naona tatizo. Umesema gunia likapungua kutoka sahani 166 hadi 60. Hiyo si kweli. Maganda ni kama robo tu ukimenya kwa kisu. Kilo 50 toa robo, unabaki na kilo 37 na nusu, yaani sahani 125. Watu wa Nakuru wanajua waru. Ukiwaambia 60 wataona unadanganya, ndiyo maana walinyamaza kwenye hesabu. Weka 125, na ongeza bei ya mafuta na makaa ili ieleweke zaidi.

MamaChipsi_Kaptembwo

Injinia, wewe umemenya lakini hujakaanga. Waru ni maji. Ikiingia kwenye mafuta ule moshi mweupe unaouona juu ya karai ndiyo pesa yako inaondoka. Kilo moja iliyomenywa ikitoka kwenye mafuta ni karibu nusu kilo, na hapo imeshakunywa mafuta kidogo. Kwa hivyo hizo 37 na nusu zinakuwa kilo 18 hivi. Gawa kwa gramu 300, ni 60. Mkurugenzi amepiga hesabu sawa kabisa, amechelewa tu.

Hii kitu huua vibanda vingi kuliko njaa. Mtu anapima waru mbichi akidhani amepima chipsi. Mimi nikianza nilikuwa najaza sahani kwa huruma, mpaka nikanunua mizani ndogo. Na hapo bado hujaweka mafuta, makaa, mifuko, chumvi, sosi ya nyanya, na ile "ongeza kidogo" ya mteja wa kila siku.

Injinia_Lanet

Sawa, hapo kwa maji nimenyoosha mikono. Lakini bado nasema wangeelewa zaidi kama hesabu ingekuwa kamili.

MzeeWaMaiki

Nimesimamisha vijana wengi kwenye maiki za mji huu, wacha niseme mawili matatu. Injinia amegusa mahali palipo na ugonjwa, ila dawa yake ni sumu. Hesabu ikiwa kamili ndiyo inaua. Kalamu, hebu hesabu namba ulizotaja kabla ya ndoto ya ploti. Kilo 50, 1,500, 30, 300, 9, 166, 100, 16,600, 15,100. Watu walinyamaza kwa sababu wanagawanya! Mtu anayegawanya hacheki. Na yule aliyemaliza kugawanya anaangalia kama umekosea.

Unahitaji namba mbili tu, 166 na 60. Kila kitu kati ya hizo mbili ni hadithi. Iseme hivi:

*Nikapiga hesabu. Gunia moja, sahani 166. (Fungua daftari, waonyeshe.) Nikalala kama mbunge.*

Halafu menya, mwizi, mfanyakazi, kaanga. Kisha fungua daftari ukurasa uleule, utazame kwa muda, ufute kwa kidole kilicholowa mate, useme: *60.* Usiseme "nikahesabu sahani". Wakishakuona unafuta wanajua. Bei ya gunia wanaijua, wanaishi karibu na Molo.

La pili ni la mguu. Ndicho kichekesho chako kikubwa na umekimwagia maji. Neno la kuchekesha linapaswa kuwa la mwisho kutoka mdomoni. Wewe umesema "kutoka jikoni", watu wanaanza kucheka, halafu unawaletea uji, watoto, shule. Wanaacha kucheka ili wakusikilize, na ulichonacho ni uji. Kata:

*Nikageuka, nikanong'ona: "Umelala?" Mama akajibu... kutoka jikoni.*

Nyamaza. Halafu tazama mguu wako. Usitamke kwamba waru imeota. Ukiwaambia, umewanyang'anya. Waache wenyewe wafike, utasikia kicheko kinakuja kwa mawimbi, wa mbele kwanza, kisha wale wa nyuma wanaoelezewa na wenzao.

MamaChipsi_Kaptembwo

Na hiyo wiki ya tatu ni kweli kabisa. Hiyo ni Shangi. Shangi inaiva haraka na chipsi zake ni tamu, ndiyo maana wote tunaitumia, lakini haina subira. Ukiiweka nyumbani haimalizi mwezi kabla macho hayajaanza kufunguka. Mimi sinunui zaidi ya ninayoweza kumaliza ndani ya wiki hata waru iwe ya bure.

Injinia_Lanet

Si angeiweka tu kwenye friji? Baridi inazuia kuota. Hata kwenye hadithi mtu mwenye akili atajiuliza hilo, maana chama kinakuja kubeba friji baadaye. Friji ilikuwepo!

MamaChipsi_Kaptembwo

Kuota itazuia, hapo uko sawa. Lakini jaribu kukaanga hiyo waru. Inatoka kahawia kabla haijaiva ndani, na ladha yake ni ya utamu unaoelekea uchungu. Waru ikikaa kwenye baridi kali, wanga wake unageuka sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto inaungua. Ukiziloweka kwenye maji utatoa wanga wa juu, lakini ile sukari iliyo ndani haitoki. Kuna watu huzirudisha mahali pa joto la kawaida wiki mbili tatu zitulie, na hata hapo si zote zinarudi. Mahali pake ni pa giza, penye hewa, pasipo na jua, maana zikipata mwanga zinakuwa kijani, na za kijani usimpe mtu.

MzeeWaMaiki

Kalamu, umeona hapo juu? Injinia amekosea na amekuletea kichekesho kipya. Mkurugenzi baada ya usiku wa mguu anaogopa chumba chake, anahamishia waru kwenye friji:

*Kesho yake mteja akaniuliza, "Mkurugenzi, hizi chipsi zimeungua?" Nikamwambia hapana. Hizi zina sukari. Akauliza, "Sasa unaniuzia chipsi ama mandazi?" Nikafungua daftari nikaandika: bidhaa mpya.*

Anayeuza chipsi atacheka kwa sababu anajua ni kweli. Asiyejua atacheka kwa sababu ya jibu. Ndiyo faida ya kuijua biashara ya mhusika wako: ukweli unakupa mambo ambayo usingeyatunga ukiwa umekaa kitandani.

KalamuYa58

Hii ya "bidhaa mpya" nimeiiba tayari. Lakini bado sijui kwa nini mwisho ulikufa. Sehemu ya chama nilidhani ndiyo yenye nguvu, maana kila mtu hapa anajua akina mama wakija kubeba vitu.

MzeeWaMaiki

Kwa sababu Mkurugenzi alibadilika. Tangu mwanzo ni mtu asiyejua kwamba ameanguka. Gunia likipungua anatafuta mwizi, waru ikiota anadhani ni mapenzi, chipsi zikiungua ni bidhaa mpya. Ukumbi unajua, yeye hajui, na hapo katikati ndipo kicheko kinapokaa. Halafu ghafla unamwingiza chooni analia. Akishajua, hakuna aliyebaki nyuma wa kuchekwa. Watu waliguna kwa huruma, na ukumbi ukishahurumia ni vigumu kuurudisha ndani ya dakika moja.

Watoto wakitazama ukuta ni picha nzuri, lakini ni ya seti nyingine. Hapa Mkurugenzi aendelee kuwa Mkurugenzi mbele ya akina mama wa chama. Watoe friji, yeye ashike mlango. *Nikawaambia taratibu, hiyo ni mali ya kampuni.* Wakishindwa na kochi, awasaidie kubeba mpaka kwenye mkokoteni, halafu awaombe wamtilie sahihi kwenye daftari kwamba wamepokea. Huyo mtu amepoteza kila kitu na bado anatoa risiti.

Na "ukianguka inuka", kata yote. Mkurugenzi hajaanguka, atainukaje?

Chebet_wa_Njoro

Mimi mwisho wangu ningeuchukua shambani. Zile waru zilizoota hazijapotea, waru iliyoota ndiyo mbegu. Mkurugenzi aseme watu wanasema biashara imefungwa, lakini yeye amehamia kilimo, amekodisha robo eka huku kwetu Njoro. Akianza kumweleza mama watoto hesabu mpya, jicho moja litatoa viazi vingapi, gunia ngapi, mama amkatize...

KalamuYa58

"Maganda yako ukurasa gani?" Aisee! Inarudi yenyewe.

Chebet_wa_Njoro

Ndiyo. Ila usiwaambie watu kwenye ukumbi kwamba hiyo ni mbegu nzuri, tafadhali. Waru ya sokoni ukiipanda unaweza kuingiza mnyauko shambani, na ukiingia unakaa kwenye udongo misimu na misimu. Mwenye shamba atakuja kukuchekea mahakamani. Hiyo pia inafaa kwa Mkurugenzi, lakini labda mwaka ujao.

MzeeWaMaiki

Huo mwisho ni mzuri kuliko wangu. Lakini Kalamu, ukilirudisha swali la mama watoto mwishoni, toa ile ya kutafuta ukurasa wa maganda katikati. Ukilirudia mara mbili, mara ya mwisho watakuwa wanakungoja pale. Afute 166, aseme 60, aende zake.

JamaaWaKondele

Nataka kuileta Kisumu hii, tuna usiku wa maiki huku. Shida ni kwamba kwetu waru haina uzito huo. Tumgeuze awe wa omena. Ananunua kwa debe kule Dunga, anaanika kwenye neti, anapiga hesabu, mvua inanyesha. Omena ikishanyeshewa inaharibika rangi na harufu, hakuna mama atakayeipika, inauzwa bei ya kutupa kwa watu wa chakula cha mifugo. Mkurugenzi anasema, "Sijapoteza wateja. Nimebadilisha. Sasa wateja wangu ni kuku."

KukuNaMayai_Lurambi

Hiyo omena ya kuku debe ni ngapi? Mimi nachanganya mwenyewe chakula na bei imenitesa.

MzeeWaMaiki

Kondele, "sasa wateja wangu ni kuku" ni safi. Lakini ukiingia omena unapoteza mguu, na mguu ndio unaobeba seti. Omena haipandi kitandani.

JamaaWaKondele

Harufu inapanda. Mtu ameanika ndani kwa sababu ya mvua, kesho yake yuko kanisani amekaa benchi peke yake, anasema watu wananiheshimu sana, wameniachia nafasi.

MzeeWaMaiki

Hapo sina neno.

JamaaWaKondele

Swali moja, Kalamu. Ukiwa jukwaani Mkurugenzi anaongea na lafudhi gani? Maana huku lafudhi peke yake ni nusu ya kicheko.

KalamuYa58

Nilimpa lafudhi nzito ya mlimani. Walicheka kabla sijasema lolote.

Chebet_wa_Njoro

Ndiyo shida. Wamemcheka nani? Hujasema neno hata moja la Mkurugenzi. Wamecheka kabila, na katika mji huu wetu kila kabila limeketi kwenye ukumbi huohuo. Kuna miaka hapa Bonde la Ufa ambayo hatujaisahau. Kiburi cha daftari kinatosha, hakihitaji kabila.

JamaaWaKondele

Dada, tusizidishe. Sisi wenyewe tunajicheka lafudhi kila siku, na Mjaluo akiigizwa vizuri wa kwanza kucheka ni Mjaluo. Tatizo ni mtu kuigiza asichokijua.

MamaChipsi_Kaptembwo

Kibandani kwangu wanakula wote na wote wanasema "andika" kwa lafudhi zao. Hasara ni ileile.

MzeeWaMaiki

Mimi nimewaona wenye lafudhi na wasio nayo wakifaulu, na nimeona lafudhi ikimwokoa kijana asiye na kichekesho, wiki inayofuata hana cha kusema. Kalamu, ifanye mara moja bila lafudhi, ujue ni kipi kinasimama chenyewe. Baada ya hapo uamue, mimi sikuamulii.

KalamuYa58

Sawa. Mpango ni huu: namba mbili, mguu unaishia jikoni, sukari inaingia baada ya mguu, chama kinatiliwa sahihi, Njoro inafunga. Lakini kwa haya yote naona nimepita dakika 5. Nitoe nini? Nafikiria ile ya boda.

MamaChipsi_Kaptembwo

Usitoe ya boda! Nimecheka mpaka nikaliacha karai. Huyo kijana namjua, si mmoja, ni wengi. Wanakula wiki nzima kisha siku moja wanaanza kupita upande ule mwingine wa barabara wakiangalia simu.

Injinia_Lanet

Toa ndoto ya ploti.

MzeeWaMaiki

Ploti iende, "nalala kama mbunge" inatosha. Na ile ya mwekezaji halali, kama hawakucheka, iende pia.

KalamuYa58

Walicheka, lakini ni wale wa mbele tu.

MzeeWaMaiki

Wa mbele ni marafiki zako. Itoe.

KukuNaMayai_Lurambi

Samahani, nimesoma uzi wote sasa, nimeelewa ni maigizo. Lakini Jamaa wa Kondele hajanijibu bei ya omena.